Programu ya mauzo inayochoka mchana: jinsi ya kuisaka memori inayovuja

Duka lenyewe liko Ngamiani, Tanga. Ni la vyakula na bidhaa za nyumbani, jumla na rejareja, kaunta moja, kompyuta moja yenye memori ya GB 4. Programu ya mauzo niliiandika mwenyewe kwa C#, kwa hiyo hapa simsingizii mtu. Asubuhi ilikuwa inakwenda vizuri. Ikifika saa nane mchana keshia anabonyeza Lipa, dirisha linaganda, mteja anatazama dari. Saa kumi hali ilikuwa mbaya zaidi. Jioni wanazima, kesho yake asubuhi imepona.

Mwenye duka alikuwa na maelezo yake: joto. Na ukikaa Tanga mwezi wa pili, saa nane mchana, feni inazungusha hewa ya moto, huwezi kumwambia mtu joto si sababu akakuelewa. Alinunua feni ya pili akaielekeza kwenye kompyuta. Kisha fundi mmoja akamuuzia memori nyingine ya GB 4. Programu ikaendelea kuchoka saa ileile. Ndipo akanipigia.

Nitaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa mpangilio nilioufuata. Hatua tatu za mwanzo anaweza kuzifanya yeyote anayeshika kompyuta ya dukani. Zinazofuata zinamhitaji mwenye msimbo wa programu.

1. Tenganisha programu na kompyuta

Subiri mpaka uzito uonekane wazi, tuseme saa tisa alasiri. Usizime kompyuta. Maliza mauzo yaliyo mezani, hakikisha risiti zote zimekwenda, kisha funga programu ya mauzo peke yake kwa njia yake ya kawaida na uifungue tena papo hapo.

Ikirudi na wepesi wa asubuhi ndani ya dakika hiyohiyo, joto limeondoka kwenye orodha ya washukiwa, kwa sababu chumba hakijapoa na prosesa haijapoa. Diski nayo imeondoka, na daftari la data kujaa limeondoka, maana vyote viko kama vilivyokuwa dakika moja iliyopita. Kilichobadilika ni kimoja tu: yale ambayo programu ilikuwa imeyashika kwenye memori yametupwa. Ikibaki nzito hata baada ya kufunguliwa upya, acha kusoma hapa, tatizo lako ni jingine.

Muulize pia keshia ni *wapi* panapokwama. Mimi nilimuuliza, akanijibu: "Kaka, kuskani haina shida. Kutafuta bidhaa haina shida. Ni pale ninapobonyeza Lipa tu, ndipo inalala." Wakati ule niliyasikia maneno hayo bila kuyazingatia. Baadaye nilikuja kuona kwamba jibu lote lilikuwa mle ndani.

2. Tazama namba iliyo sahihi

Watu wengi hufungua Task Manager, wakaangalia safu ya Memory, wakaona namba inapanda na kushuka, wakachanganyikiwa. Safu hiyo inaonyesha sehemu ya memori iliyopo kwenye RAM kwa wakati huo. Windows inaweza kuipunguza wakati wowote bila programu kuachia chochote. Wakati mwingine hata kulipunguza dirisha kwenda chini kunaishusha. Kuna waandishi wa programu wanaoweka amri ya kuishusha namba hiyo kila baada ya muda ili mteja aone "tatizo limeisha". Memori inayovuja inakuwa bado iko palepale.

Nenda kichupo cha Details, bonyeza kulia kwenye vichwa vya safu, chagua Select columns, weka alama kwenye Commit size, USER objects na GDI objects. Ya kwanza ni memori ambayo programu imeiomba na haijairudisha, iwe ipo kwenye RAM au imesukumwa kwenye diski. Mbili nyingine ni hesabu ya madirisha, vitufe, fonti na picha ambazo Windows inaitunzia programu.

Hizo tatu kwa pamoja zinakugawia njia mapema. Commit size ikipanda na USER objects ikipanda nayo, kuna madirisha yanafichwa badala ya kufungwa. Huko kuna ukomo wa kawaida wa 10,000 kwa programu moja, na ukifikiwa programu haiwi nzito tu, inakataa kufungua dirisha jipya na kutoa kosa la `Error creating window handle`. Lakini Commit size ikipanda huku USER objects ikiwa imetulia, kama ilivyokuwa kwangu, basi madirisha yenyewe yameshaondoka na kilichobaki ni data yake.

3. Pima siku nzima

Kutazama kwa macho hakutoshi. Windows inakuja na chombo kidogo cha kuandika vipimo. Tengeneza folda ya `C:\pima`, fungua Command Prompt asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, na uandike hivi, ukibadilisha jina la programu liwe la kwako bila `.exe`:

```
typeperf "\Process(DukaMauzo)\Private Bytes" -si 60 -o C:\pima\ijumaa.csv
```

Kila sekunde 60 inaandika mstari mmoja wa Private Bytes, ambayo ni Commit size ileile kwa jina jingine. Jioni isimamishe kwa Ctrl+C, fungua faili kwenye Excel au LibreOffice, chora mchoro wa mstari.

Chagua Ijumaa ukiweza. Duka lile hufungwa kwa ajili ya swala ya Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu, na programu huachwa wazi. (Kwenye faili utasoma 12:30 na 13:30, kompyuta haijui saa zetu.) Kwenye mchoro wangu mstari ulipanda asubuhi nzima, ukalala tambarare kabisa saa ile moja, kisha ukaendelea kupanda. Hapo nikajua uvujaji haufuati saa. Unafuata mauzo. Kama mstari ungepanda hata wakati wa swala, ningeanza na vitu vinavyojiendesha vyenyewe: saa za ndani ya programu, kazi za nyuma, kinachotuma data nje.

Halafu piga hesabu hii, ndiyo iliyo na faida kuliko zote. Ijumaa ile programu ilianza na MB 118, ikafika MB 446 saa kumi alasiri, na risiti zilizotoka ni 412. Ongezeko ni MB 328. Gawa kwa 412, unapata kama MB 0.8 kwa kila uzo. Jumatano iliyotangulia, siku ya wateja wachache, risiti zilikuwa 260 na ongezeko MB 207. Gawa tena: MB 0.8 ileile. Siku mbili tofauti zikikupa kiasi kimoja kwa uzo mmoja, hutafuti tena "memori inayopotea". Unatafuta kitu chenye ukubwa wa MB 0.8 kinachozaliwa mara moja kwa kila uzo na hakifi.

Na mimi nilikuwa nakijua kitu cha ukubwa huo. Orodha ya bidhaa za duka ina mistari 3,200, kila mmoja na jina, bei, msimbo pau na idadi, kama baiti 250. Zidisha.

Angalia pia jambo hili: MB 446 ni ndogo. Hata ile kompyuta ya GB 4 ilikuwa na nafasi tupu. Kwa hiyo uzito haukutokana na RAM kujaa, na ndiyo maana memori aliyouziwa mwenye duka haikusaidia kitu. Memori inayovuja ilikuwa dalili ya jambo jingine linaloongezeka sambamba nayo.

4. Piga picha ya memori wakati programu imechoka

Hapa anaanza kazi mwenye msimbo. Programu yangu iko kwenye .NET 8, hivyo nilitumia `dotnet-dump`. Si lazima kusakinisha vifaa vyote vya uandishi kwenye kompyuta ya duka. Inapatikana kama faili moja ya `.exe` unayokuja nayo kwenye flashi. Kama programu ni ya biti 32, chukua toleo la biti 32. Programu za zamani za .NET Framework hazishughulikiwi na chombo hiki. Kwa hizo tumia ProcDump kupiga picha na WinDbg kuisoma, mantiki ni ileile.

```
dotnet-dump ps
dotnet-dump collect -p 4312
```

Amri ya kwanza inakupa namba ya programu, ya pili inapiga picha. Programu itasimama kidogo wakati picha inapigwa, kwa hiyo mwambie keshia kabla, na usifanye mteja akiwa ametoa pesa. Faili linalotoka ni kubwa na lina kila kilichokuwa kwenye memori, pamoja na majina ya wateja wa mkopo na nywila ya daftari la data. Libebe mwenyewe, usilitume kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada, na ukimaliza lifute.

Nyumbani nililifungua kwa `dotnet-dump analyze` na jina la faili. Kosa ambalo wengi tunalifanya hapa ni kuomba orodha nzima na kutazama aina inayokula nafasi kubwa kuliko zote. Karibu kila mara utakuta ni `System.String`, na haikwambii kitu, kwa sababu kila programu imejaa maneno. Badala yake uliza kuhusu aina zako mwenyewe, zile ulizozipa majina, na tazama idadi, si ukubwa:

```
> dumpheap -stat -live -type FomuMauzo
          MT Count TotalSize Class Name
7ffb2c4e8a10   412   253,792 Duka.FomuMauzo
```

`-live` inaacha nje vitu ambavyo vimeshakufa na vinasubiri tu kuzolewa. `FomuMauzo` ni dirisha la uzo mmoja: mteja akija keshia anabonyeza F2, linafunguka, uzo ukiisha linafungwa. Kwa wakati wowote lilitakiwa liwepo moja, au sifuri. Yalikuwepo 412, sawasawa na risiti za siku. Usidanganywe na ule ukubwa wa baiti laki mbili na ushee. Hiyo ni hesabu ya magamba matupu, bila mizigo iliyobebwa na kila gamba.

5. Muulize nani amemshika

.NET ina mzoa taka wake anayepita kuondoa vitu visivyotumika. Lakini hana uwezo wa kujua kwamba *wewe* umemaliza na kitu. Anachokiangalia ni kama kuna mtu bado amekishika mkono. Kikiwa kimeshikwa, hakigusi, hata ukimwita kwa `GC.Collect()` kila dakika. Nimeona amri hiyo imetupwa kila kona ya msimbo kama dawa ya kufukizia. Haifanyi kitu zaidi ya kuongeza uzito.

Kwa hiyo unachagua dirisha moja kati ya yale 412 na kuuliza mnyororo unaolishika. `dumpheap -type FomuMauzo` bila `-stat` inakupa anwani, kisha:

```
> gcroot 01f3a40c2b58
   -> System.Object[]
   -> System.EventHandler
   -> System.Object[]
   -> System.EventHandler
   -> Duka.FomuMauzo
```

Nimekata anwani ili pasomeke. Soma kutoka chini kwenda juu: dirisha limeshikwa na `EventHandler`, yaani msikilizaji wa tukio, huyo yuko kwenye orodha ya wasikilizaji, orodha inashikwa na tukio lenyewe, na tukio ni la `static`, linaloishi muda wote programu iko wazi. Kila ukiona `EventHandler` mara mbili na `Object[]` katikati, una tukio lenye wasikilizaji wengi.

Nikarudi kwenye msimbo, na pale palikuwa na mstari nilioandika miaka miwili nyuma nikiwa na furaha zangu:

```csharp
public FomuMauzo()
{
    InitializeComponent();
    Stoo.Imebadilika += (s, e) => PakiaBidhaa();
}
```

Nia ilikuwa njema. Idadi ya bidhaa ikibadilika stoo, dirisha la mauzo lisome orodha upya ili keshia asiuze kisichokuwepo. Lakini kujiandikisha kusikiliza ni kumpa mwenye tukio mkono akushike. Dirisha likifungwa, `Stoo` bado ameushika.

Sasa rudi kwenye maneno ya keshia. Uzo ukikamilika, stoo inabadilika, tukio linapigwa. Madirisha yote ya tangu asubuhi, ambayo hakuna anayeyaona, yanaamka na kila moja linasoma bidhaa 3,200 kutoka kwenye daftari. Kusoma huko kwa dirisha moja nilikupima, milisekunde 8. Asubuhi, dirisha moja, hakuna anayehisi. Saa sita mchana ni madirisha 205, sekunde 1.6. Saa kumi ni 412, sekunde 3.3, na yote yanapita kwenye uzi uleule unaochora skrini, ndiyo maana dirisha linaganda. Kuskani hakubadilishi stoo, kwa hiyo kulibaki kwepesi siku nzima.

6. Rekebisha

Ule mstari una tatizo la pili: kitendo kisicho na jina hakiwezi kuondolewa kwenye orodha, kwa sababu ukiandika `-=` na mabano yaleyale unakuwa umetengeneza kitendo kingine kabisa, na cha kwanza kinabaki. Kipe jina:

```csharp
public FomuMauzo()
{
    InitializeComponent();
    Stoo.Imebadilika += StooImebadilika;
    Disposed += (s, e) => Stoo.Imebadilika -= StooImebadilika;
}

void StooImebadilika(object s, EventArgs e) => PakiaBidhaa();
```

Hiyo peke yake isingetosha kwangu. Nilikuwa nalifungua dirisha kwa `ShowDialog()`, na dirisha lililofunguliwa hivyo likifungwa halijitupi lenyewe, ili uweze kusoma majibu yake baadaye. `Disposed` haipigwi mpaka wewe uitake. Kwa hiyo pale linapofunguliwa:

```csharp
using (var fomu = new FomuMauzo())
{
    fomu.ShowDialog(this);
}
```

Ukiwa na haraka ukasahau nusu hii ya pili, utapima tena na kukuta namba ni zilezile, na utaanza kuutilia shaka utambuzi wako ambao ulikuwa sahihi.

Kisha pitia msimbo wote ukitafuta `+=` kwenye matukio ya `static` na ya vitu vinavyoishi siku nzima, kama kisoma msimbo pau au saa kuu ya programu. Mimi nilikuta mengine mawili. Dirisha linalosikiliza kitufe chake lenyewe halina shida, maana wanakufa pamoja.

7. Thibitisha

Niliongeza kihesabu kidogo ndani ya `Stoo` na kukionyesha kwenye pembe ya chini ya skrini kuu:

```csharp
public static int Wasikilizaji =>
    Imebadilika?.GetInvocationList().Length ?? 0;
```

Kabla ya marekebisho namba hiyo ilipanda kwa moja kila uzo. Baada yake inakuwa 2 dirisha la mauzo likiwa wazi na 1 likifungwa, ile moja ikiwa ya skrini kuu yenyewe.

Halafu rudia kipimo cha siku nzima. Mstari mpya hautakuwa umenyooka kama rula. Utapanda na kushuka kama meno ya msumeno, kwa sababu mzoa taka hapiti kila sekunde. Usivihofie vilele. Tazama mabonde: yakiwa yanarudi karibu palepale, hakuna kinachovuja, kila bonde likiwa juu ya lililotangulia, bado una kazi. Ijumaa iliyofuata bonde la mwisho lilikuwa MB 131, kwa risiti 397, na Lipa ilikuwa ileile ya asubuhi.

Kama msimbo si wako

Mpelekee aliyeiandika ule mchoro, ile hesabu ya MB kwa uzo, na neno la keshia kuhusu kitufe gani kinalala. Hivyo vitatu vinamfupishia kazi kuliko "programu yenu ni nzito".

Wakati unasubiri, panga saa moja ya kuifunga na kuifungua, kabla uzito haujaonekana. Kwa duka lile ningechagua saa saba mchana. Andika utaratibu kwenye karatasi ubandike kaunta: maliza mauzo yaliyoshikiliwa, hakikisha hakuna risiti inayosubiri kwenda TRA, funga kwa kitufe cha programu, fungua, fanya uzo mmoja. Usitumie End task kwenye Task Manager isipokuwa imeganda kabisa, kwa sababu inaikata programu katikati ya kuandika, na unaweza kubaki na uzo uliotoa risiti lakini haukupunguza stoo. Kuutafuta uzo huo mwishoni mwa mwezi, wakati wa kuhesabu mali, kunachukua siku nzima. Mimi nimeshaimaliza hiyo siku, na yalikuwa makopo sita ya nyanya.